Mifuko 12 au mifuko 24: hesabu ya zege la lenta kwenye nyumba ya Mlandizi

Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa anajenga Mlandizi, aliniita baada ya kupewa karatasi mbili za mahitaji ya lenta ya nyumba yake, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta. Moja aliandikiwa na mpwa wake aliyesoma ufundi, inasema saruji mifuko 12. Nyingine ni ya fundi mkuu wa pale saiti, inasema mifuko 24. Nyumba ni ileile, ramani ni ileile, na wote wawili wanakubaliana kwamba zege ni la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mama alitaka kujua nani anamdanganya. Nilipozipitia niliona hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa ameteleza mahali pake, na ni mahali ambapo nimeona watu wengi wakiteleza katika kazi yangu ya kukadiria na kusimamia ujenzi wa nyumba za kawaida. Ndiyo maana naandika hesabu yote hapa jinsi ilivyokwenda.

Nyumba yenyewe ni ya mstatili, mita 12 kwa 9 kwa nje, tofali za nchi 6 zilizosimamishwa, kwa hiyo ukuta una unene wa sentimita 15. Ndani kuna ukuta mmoja mrefu unaoigawa nyumba mbele na nyuma, kuta mbili fupi upande wa sebule na jiko, na kuta tatu fupi upande wa vyumba vya kulala. Lenta inapita juu ya kuta zote kwenye usawa wa juu ya milango na madirisha, upana sawa na ukuta na kimo cha nchi 9, yaani sentimita 23, sawa na kimo cha tofali moja.

Nilianza na urefu. Ukichukua vipimo vya nje vya ramani na kuvijumlisha hivihivi, unapata mita 42 za kuzunguka. Lakini hapo kila kona umeihesabu mara mbili, mara ya kwanza ukipima ukuta wa mbele na mara ya pili ukipima wa ubavuni. Njia salama ni kupima kwenye mstari wa katikati ya ukuta: 12 unatoa 0.15 unabaki na 11.85, na 9 unatoa 0.15 unabaki na 8.85. Jumlisha, zidisha kwa mbili, unapata mita 41.4. Kuta za ndani zinapimwa kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani, kwa sababu zege la mahali zinapogusa ukuta wa nje limeshahesabiwa. Ukuta mrefu ni mita 11.7, kuta mbili za mbele ni mita 4.2 kila mmoja, na tatu za nyuma ni mita 4.35 kila mmoja. Jumla ya ndani ni mita 33.15, na nyumba nzima ni mita 74.55.

Mpwa na fundi wote walikuwa wamepata mita 76.5, maana walipima kwa nje na kila ukuta mfupi wakaupa mita 4.5. Tofauti hiyo ni chini ya mita mbili, na katika zege haifiki hata nusu mfuko wa saruji. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakibishana kutwa nzima juu ya kona, halafu makosa makubwa yakapita mbele ya macho yao. Pima katikati ya ukuta kwa sababu ndiyo sahihi, lakini hela haipotelei kwenye kona.

Ujazo sasa ni urefu mara upana mara kimo:

74.55 × 0.15 × 0.23 = mita za ujazo 2.57

Nondo zinachukua nafasi kidogo humo ndani, lakini nondo nne za milimita 12 hazizidi asilimia moja na nusu ya mkato wa lenta hii, kwa hiyo hakuna haja ya kuzitoa.

Karatasi ya fundi ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliandikwa "mkanda", yaani lenta yenyewe ya kuzunguka kuta zote, wa pili "linta za milango na madirisha", yaani vipande vya zege vya juu ya kila mlango na dirisha. Kwenye ule wa pili alikuwa amepima kila nafasi na kuongeza sentimita 20 za kukalia ukuta kila upande, kama inavyotakiwa. Madirisha matano ya mita 1.5 yakampa mita 9.5, madirisha mawili madogo ya choo na stoo mita 2, milango sita ya sentimita 90 mita 7.8, na milango miwili ya sentimita 80 mita 2.4. Jumla mita 21.7, ambazo ni mita za ujazo 0.75. Hesabu yenyewe haina dosari hata moja. Tatizo ni kwamba linta hizo hazipo. Lenta ya nyumba hii inapita palepale juu ya mlango na dirisha, na ndiyo inayobeba tofali za juu ya nafasi hiyo. Zege la juu ya dirisha la sebule tayari limo ndani ya zile mita 41.4. Kulihesabu tena ni kununua karibu mifuko mitano ya saruji, pamoja na mchanga na kokoto zake, kwa ajili ya kitu ambacho hakina mahali pa kukaa. Fundi alijumlisha 2.64 za mkanda wake wa mita 76.5 na 0.75 za linta, akaongeza asilimia 10 ya upotevu, na ndiyo ikafika mifuko 24.

Nilimwonyesha kwenye ramani. Akaniambia, "Dada, mimi kwenye nyumba ndefu kwenda juu huwa naziandika mbalimbali." Na alikuwa na haki, kwa sababu kuna nyumba ambazo linta zinasimama peke yake kweli. Nitazifikia. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, fungua mchoro wa ukuta uliokatwa kwa wima na uangalie jambo moja tu: chini ya mkanda ni nini? Ukikuta ni fremu ya mlango, usiongeze kitu. Ukikuta ni tofali, halafu chini yake ndipo kuna nafasi ya mlango, basi kuna linta nyingine ya kuhesabu.

Karatasi ya mpwa ilikuwa na kosa la upande wa pili, ambalo naliona baya zaidi kwa sababu zege linaisha katikati ya kazi. Yeye hakuziongeza linta, hapo alikuwa sawa. Alichukua ujazo wake, akaongeza asilimia 5 ikawa 2.77, akagawa kwa 7 kwa sababu moja na mbili na nne ni saba, akapata sehemu ya saruji. Kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, ikatoka kilo 570, yaani mifuko 11 na kitu, akaandika 12. Alichosahau ni kwamba zege lililokwisha kushindiliwa linabana. Saruji inaingia kwenye nafasi za mchanga, mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto, na vitu vikavu vilivyojaza ndoo tatu vinakupa zege la ndoo mbili hivi. Kwa mchanganyiko huu wa kawaida tunazidisha ujazo wa zege kwa 1.54 ili kupata ujazo wa vitu vikavu, halafu ndipo tunagawa kwa 7. Mita moja ya ujazo ya zege ikihesabiwa hivyo inataka kilo 317 za saruji, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50, pamoja na mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88.

Kwa nyumba hii nilichukua 2.57, nikaongeza asilimia 5 kwa kinachomwagika na kinachobaki kwenye toroli, ikawa 2.7. Mara 6.3 ni mifuko 17. Mchanga ni mita za ujazo 1.19 na kokoto 2.38. Kwa mifuko 12 ya mpwa, zege lingefika kama mita 52 na kusimama, na mafundi wanaanzia nyuma, kwa hiyo zile mita 22 za mwisho zingekuwa upande wa sebule, kwenye madirisha mapana. Zege likikatika juu ya dirisha, kesho yake ukaunga jipya, hicho kiungo kinakaa mahali ambapo lenta inafanya kazi ya kubeba. Ikilazimu kusimama, simama juu ya ukuta mzima, mbali na nafasi na mbali na kona, na uweke kibao cha wima ili zege lisiishie kwa mteremko.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kulionyesha, nalo ni boksi, yaani mbao zinazoshikilia zege bichi. Nilipofika saiti mbao za pembeni zilikuwa za nchi moja kwa kumi. Mbao hiyo lazima ishuke chini ya usawa wa lenta ili ishike ukuta na, kwenye nafasi, ishike mbao ya chini. Fundi alikuwa ameishusha nchi 2, kama kawaida. Kumi ukitoa mbili zinabaki nane. Mchoro unasema tisa. Lenta ingemwagwa hadi ukingo wa mbao, kila mtu angeridhika kwamba imejaa, na nyumba nzima ingepungukiwa nchi moja ya kimo kuizunguka yote. Saruji ingebaki mifuko miwili na watu wangesema hesabu ilizidi. Tulichofanya ni kuunga mbao ya moja kwa nane na ya moja kwa nne kwa vipande vya wima, ikawa nchi 12, tukaishusha mbili, halafu tukapiga mstari kwa uzi wa chaki ndani ya boksi nchi 9 kutoka juu ya tofali. Zege linafuata mstari, si ukingo.

Boksi likilegea, kosa linageuka. Mbao zikifunguka sentimita moja tu kila upande, upana wa 15 unakuwa 17, na hiyo ni zege zaidi kwa asilimia 13. Kwa nyumba hii ni kama theluthi moja ya mita ya ujazo, ambayo hakuna aliyeinunua. Mbao za juu zinazobana pande mbili zikae kila sentimita 60 hivi, na zile za karibu na madirisha ziangaliwe zaidi kwa sababu pale hakuna ukuta wa kuzuia chini. Kabla ya kumwaga, mimi hupita na kijiti cha sentimita 15 na kukiingiza ndani ya boksi kila hatua chache. Kikicheza, wanakaza. Wakati huohuo naangalia biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo kutoka chini, maana nondo iliyolala juu ya tofali haitazungukwa na zege hata kama ujazo uko sawasawa.

Siku ya kumwaga ndipo hesabu inapata faida yake kubwa, na hiki ndicho ningependa kila mwenye nyumba akijue. Mfuko mmoja kwa mchanganyiko wa 1:2:4 unatoa zege mita za ujazo 0.158. Lenta ya sentimita 15 kwa 23 inakula 0.0345 kwa kila mita moja ya urefu. Gawanya, kisha punguza kidogo kwa upotevu, na unajua kwamba kila mfuko lazima utembee mita 4.35, tuseme mita nne na theluthi. Ukiwa na futikamba na mtu wa kuhesabu mifuko mitupu, unaweza kujua kama saruji kwenye zege inatosha ukiwa umesimama chini ya ukuta, bila maabara.

Mlandizi tuliwapa mafundi ndoo za lita 20. Mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga ni ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, zikisawazishwa mdomoni, na maji kati ya lita 25 na 30 kwa kutegemea mchanga ulivyolowa. Nikamkabidhi mama karatasi yenye alama: mfuko wa 3 ufike mita 13, wa 6 ufike mita 26, na kuendelea hivyo. Mafundi walianza kona ya nyuma. Mfuko wa tatu ulipokwisha, mama aliniita. Futikamba ilisoma mita 16 na nusu.

Kuna watu wangefurahi kuona saruji inakwenda mbali. Mimi nilipanda ngazi nikapima kimo kwa kuchomeka kijiti sehemu tatu, nikakuta 23 kamili kila mahali. Boksi lilikuwa limejaa vizuri, kwa hiyo kilichoongezeka ni vitu vingine ndani ya zege. Mita 16.5 mara 0.0345 ni 0.57, ukigawa kwa mifuko mitatu ni 0.19 kwa mfuko. Ina maana mita moja ya ujazo ilikuwa inapata mifuko mitano na kidogo badala ya 6.3. Nikaenda kwenye rundo. Vijana walikuwa wameziacha ndoo na kuchukua makarai kwa sababu yanabebeka haraka, na kila karai lilikuwa na kilima juu. Hawakuwa na nia mbaya. Walihesabu idadi ileile, wakabadilisha chombo.

Fundi mkuu hakubisha. Ndoo zikarudi. Zege lililokuwa juu ya dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa bado bichi, tukalichota lote, kama mita mbili za urefu, likaenda kufukia chini ya ngazi ya mlango wa nyuma, tukamwaga jipya. Lile lililokaa juu ya ukuta mzima tuliliacha, kwa sababu pale kazi yake ni kufunga kuta pamoja na halining'inii juu ya mlango wala dirisha. Baada ya hapo mifuko ilitembea kama ilivyopangwa, na wa 17 ulimalizia kona ya sebule.

Ingekuwa kinyume, mifuko mitatu ifike mita 10 badala ya 13, ningeangalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: boksi limevimba wapi, zege linavuja wapi chini ya mbao, na kama mifuko mitatu yote kweli imeingia kwenye mchanganyiko. Kwenye saiti moja niliyosimamia, hilo la tatu ndilo lililokuwa jibu. Ndiyo sababu mifuko mitupu ikusanywe mahali pamoja, mbele ya macho ya mwenye nyumba.

Kipimo cha mita nne na theluthi ni cha mkato huu tu. Lenta ya 15 kwa 20 mfuko unatembea mita 5. Ukuta wa tofali zilizolazwa, upana wa 23 na kimo cha 23, mfuko haufiki mita 3. Ukitumia tofali za kutoboa, ziba kwanza matundu ya kozi ya juu, yaani mstari wa mwisho wa tofali, la sivyo zege litazama ndani ya ukuta na hakuna hesabu itakayokubaliana nawe.

Sasa zile linta zinazosimama peke yake. Nyumba niliyosimamia Morogoro ilikuwa na dari ya juu. Milango iliishia mita 2.1, juu yake zikaja kozi tatu za tofali, na juu ya kozi hizo ndipo mkanda wa kuzunguka nyumba ukapita, ukapokea kenchi. Pale mistari miwili ya yule fundi ndiyo njia sahihi kabisa: mkanda kwa mita zake zote, halafu linta moja moja, urefu wa nafasi na sentimita 20 za kukalia kila upande. Mchoro wa mhandisi uliipa linta kimo cha sentimita 20, kwa hiyo mkato wake haukuwa sawa na wa mkanda na ulihesabiwa kivyake.

Kwenye nyumba hiyo kulikuwa na mlango wa sentimita 90 na dirisha la mita 1.5 vimeachana kwa sentimita 30 tu. Linta ya mlango inataka 20 za kukalia, ya dirisha 20, na ukuta wa katikati unazo 30. Hazitoshi. Karatasi inakupa linta mbili za jumla ya mita 3.2, lakini kinachojengeka ni moja inayopita juu ya vyote viwili: 0.2, 0.9, 0.3, 1.5 na 0.2, jumla mita 3.1. Zege karibu halibadiliki. Kinachobadilika ni nondo, ambazo sasa lazima zipite mzimamzima bila kukatwa juu ya ule ukuta mwembamba, kwa hiyo jambo hili lijulikane kabla ya kukata nondo.

Na mlango mpana wa kutoka sebuleni kwenda barazani, mita 3, mhandisi aliupa kimo cha sentimita 35 na nondo nene zaidi chini. Tulipofanya mlango kama huo Mlandizi, kwenye lenta ya 23, sikuuhesabu upya wote. Nilihesabu nyongeza tu, sentimita 12 za kimo kwa urefu wa mita 3.4, ambayo ni mita za ujazo 0.06, chini ya nusu mfuko. Ilikuwa kwenye banda la nje la mama huyohuyo. Swali lilikuwa hizo sentimita 12 zinakwenda upande gani. Zikishuka, mlango wa mita 2.1 unabaki na 1.98 na fremu iliyokwisha kununuliwa haiingii. Tukazipandisha juu, na kozi iliyofuata ikakatwa tofali nusu kwa urefu wote wa ile mita 3.4.